Chemsha bongo ya utando wa chakula: kuanzia mshale wa kwanza hadi swali la "ondoa kiumbe mmoja"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi: chora utando wa chakula wa Serengeti ukitumia nyasi, nyumbu, simba na fisi. Kijana mmoja wa darasa langu la jioni hapa Mwanza akachora mishale yote kinyume, kutoka kwa simba kwenda kwa nyumbu, kutoka kwa nyumbu kwenda kwenye nyasi. Nilipomrudishia karatasi yake ina sifuri, akaja mezani kudai haki yake. "Mwalimu, anayemfuata mwenzake si simba? Sasa mshale utarudije kwake?"

Kwa kweli hoja yake ilikuwa na mantiki, na tangu siku ile nimeacha kusema "mshale unatoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula" kama kanuni ya kukariri. Nasema hivi: mshale hauonyeshi nani anamkimbiza nani, unaonyesha nyama imeishia tumboni mwa nani. Nyasi zimeingia tumboni mwa nyumbu, nyumbu ameingia tumboni mwa simba. Ukiutamka kila mshale kwa maneno hayo hautageuka tena.

Maswali ya somo hili huja kwa sura tatu: chora na usome utando, kokotoa nishati, kisha ondoa kiumbe mmoja na ueleze kitakachotokea. Wengi hupata alama kwenye sura mbili za kwanza na kuziacha kwenye ya tatu. Nitazipitia zote kwa mfano mmoja tu, Serengeti, kwa sababu pale majibu hayatoki kichwani mwa mtunga mtihani. Kuna viumbe waliondolewa kweli, na watu walihesabu kilichofuata.

Hatua ya kwanza: chora kwa ngazi, si kwa mapambo

Anza chini ya karatasi. Andika wazalishaji, yaani mimea inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua: nyasi upande mmoja, migunga upande wa pili. Mstari wa juu yake weka wala mimea: nyumbu, pundamilia, swala tomi, panzi, na twiga upande wa migunga. Juu yao weka wala nyama: simba, fisi, duma. Upande wa panzi acha nafasi ya mjusi, nyoka na tai, wakipanda mmoja juu ya mwingine. Pembeni kabisa chora kisanduku kirefu kinachogusa ngazi zote na uandike ndani yake viozeshaji: bakteria na kuvu. Hawa hula kila kilichokufa, kutoka kila ngazi, ndiyo maana hawana ghorofa yao maalumu.

Sasa chora mishale. Nyasi kwenda kwa nyumbu, pundamilia, swala tomi na panzi. Migunga kwenda kwa twiga. Nyumbu na pundamilia kwenda kwa simba na fisi. Swala tomi kwenda kwa duma, fisi na simba. Twiga kwenda kwa simba. Panzi kwenda kwa mjusi, mjusi kwa nyoka, nyoka kwa tai. Usiharakishe kumfuta fisi eti ni mla mizoga tu. Fisi madoa wa Serengeti ni mwindaji hodari, na mara nyingi simba ndiye anayempokonya fisi mawindo yake.

Swali la kwanza la chemsha bongo huwa hapa: "Tai yuko ngazi ya ngapi ya ulaji?" Wanafunzi huhesabu mishale na kujibu nne. Hesabu viumbe. Nyasi ni ngazi ya 1, panzi 2, mjusi 3, nyoka 4, tai 5. Tai huyo ni mlaji wa nne, lakini yuko ngazi ya tano, kwa kuwa mzalishaji naye amehesabiwa. Namba hizi mbili zinapishana kwa moja kila wakati, na watunga maswali wanalijua hilo kuliko wewe.

Mtego wa pili ni mnyama mwenye ngazi mbili. Tai yuleyule akimnyakua mjusi moja kwa moja, katika mlo huo yuko ngazi ya 4. Swali likisema "taja ngazi zake", andika zote na utaje njia ya kila moja. Katika mnyororo wa chakula kila kiumbe ana nafasi moja, katika utando anaweza kuwa na kadhaa.

Hatua ya pili: nishati

Hapa ndipo wanafunzi wanapokariri "asilimia 10" na kuipachika kila mahali. Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1942 mwanaikolojia Mmarekani Raymond Lindeman alichapisha kazi yake juu ya ziwa dogo la Minnesota liitwalo Cedar Bog Lake. Alionyesha kwamba ulaji unaweza kuhesabiwa kama mtiririko wa nishati kutoka ngazi moja kwenda nyingine, na kwamba kila ngazi hupoteza sehemu kubwa ya inachopokea. Asilimia 10 ni wastani wa kukadiria tu. Kwenye maumbile hupanda na kushuka, na mara nyingi hutajwa kati ya 5 na 20. Kwa hiyo swali likikupa takwimu, kokotoa kwa takwimu hizo. Asilimia 10 itumie pale tu swali lisipokupa kitu kingine.

Tuseme swali limekuja hivi. Katika eneo fulani la mbuga, nyasi zinajenga kilojuli 20,000 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Wala nyasi wanajenga 1,600. Wala nyama wanajenga 96. Tafuta ufanisi wa kila hatua na ufanisi wa jumla. (Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya zoezi, usizinukuu kama za Serengeti.)

Kanuni ni moja:

```
ufanisi (%) = nishati ya ngazi ya juu / nishati ya ngazi iliyo chini yake x 100
```

Kutoka nyasi hadi wala nyasi: 1,600 kugawa kwa 20,000, mara 100, ni asilimia 8. Kutoka wala nyasi hadi wala nyama: 96 kugawa kwa 1,600, mara 100, ni asilimia 6. Ufanisi wa jumla kutoka nyasi hadi wala nyama ni 96 kugawa kwa 20,000, yaani asilimia 0.48.

Makosa ninayoyaona kila muhula ni mawili. La kwanza ni kujumlisha 8 na 6 na kupata 14. Hebu jiulize: inawezekanaje kilichofika juu, baada ya kupunjwa mara mbili, kiwe kikubwa kuliko kilichopunjwa mara moja? Asilimia za hatua huzidishwa: 0.08 mara 0.06 ni 0.0048, ileile 0.48 ya asilimia. Kosa la pili ni kugawa kila kitu kwa 20,000 wakati swali linauliza hatua moja tu. Kidole chako kiweke kwenye ngazi iliyo chini moja kwa moja, ndiyo inayokaa chini ya mstari wa kugawanya.

Swali gumu zaidi huuliza nishati iliyopotea ilikwenda wapi. Jibu la "inapotea kama joto" ni nusu ya jibu. Mchukue nyumbu mmoja aliyekula nyasi zenye kilojuli 1,000. Karibu nusu yake, tuseme 500, haikumeng'enywa kabisa. Ilitoka kama mavi, na mavi hayo yanaingia kwa mende wa mavi, mchwa na viozeshaji. Kiasi kingine, tuseme 30, kimetoka kwenye mkojo. Zimebaki 470. Nyumbu ana damu moto, anatembea mamia ya kilomita kwa mwaka, anacheua, anapigana, anakimbia. Upumuaji wa chembe zake unachoma, tuseme, 450, nazo zinaishia hewani kama joto. Kinachobaki kwenye nyama, mifupa na ndama wake ni 20. Hiyo ni asilimia 2 ya alichokula, na ndiyo pekee simba anayoweza kuila.

Sasa mweke panzi kando yake, naye amekula nyasi za 1,000. Tuseme 600 zimetoka kama kinyesi. Zimebaki 400, lakini panzi hapashi mwili wake joto kwa kuchoma chakula, analipata juani. Upumuaji unachukua 240 hivi, mwilini zinabaki 160. Asilimia 16. Namba hizi nazo ni za kufundishia, ila uwiano ndio ulivyo: mamalia na ndege hutumia karibu yote wanayoyafyonza kujiweka moto na kutembea, wadudu hujenga mwili kwa sehemu kubwa zaidi. Ndiyo maana mnyororo unaopitia kwa wadudu na mijusi unaweza kufika ngazi ya tano, na ule wa nyasi, nyumbu, simba unaishia ngazi ya tatu. Hakuna mnyama anayeishi kwa kuwinda simba, kwa sababu kwenye eneo zima nyama ya simba ni kidogo mno kumlisha.

Neno moja kuhusu piramidi, maana nalo halikosi. Piramidi ya idadi inaweza kusimama kichwa chini: mgunga mmoja una viwavi elfu. Piramidi ya nishati haipinduki kamwe. Ukiona mchoro wa nishati wenye juu panapozidi chini, swali linakupima, liandikie kwamba mchoro umekosewa.

Hatua ya tatu: ondoa kiumbe mmoja

Nilikuwa nikiwapa wanafunzi jibu la jumla, "usawa wa ikolojia utavurugika", hadi nikagundua kwamba sentensi hiyo haina alama hata moja kwenye mwongozo wa kusahihisha. Ni kama daktari akuambie unaumwa. Anayesahihisha anatafuta vitu vitatu: nani ataathirika, ataongezeka au atapungua, na kupitia nini.

Fanya hivi. Mpige msalaba kiumbe aliyeondolewa kwenye mchoro wako. Angalia mishale iliyokuwa ikiingia kwake: hao ni waliokuwa wakiliwa naye, sasa wamepata nafuu. Angalia mishale iliyokuwa ikitoka kwake: hao ni waliokuwa wakimla, sasa wana upungufu, isipokuwa wana chakula kingine. Huu ni mzunguko wa kwanza, na wengi huishia hapa.

Mzunguko wa pili unatafuta waliokuwa wakigombania chakula kilekile. Ondoa nyumbu: nyasi zinabaki nyingi, pundamilia na panzi wanapata zaidi, panzi wakizidi mijusi nao wanafuata. Kila unaposogea mshale mmoja jiulize swali moja tu, huyu amepata chakula zaidi au amepata adui zaidi?

Halafu kuna mahali ambapo njia mbili zinagongana, na mwanafunzi mzuri huogopa hapo akidhani amekosea. Nyumbu wameondolewa, pundamilia watafanyaje? Kupitia nyasi wataongezeka. Kupitia simba watapungua, maana simba mwenye njaa hatasubiri nyumbu warudi, atahamia kwa pundamilia. Majibu yote mawili ni sahihi, na jibu kamili ni kuyaandika yote mawili na kusema muda. Mwanzoni pundamilia wanawindwa zaidi. Baadaye simba wenyewe wanapungua kwa kukosa nyumbu, shinikizo linashuka, na nyasi zinaanza kuwa na uzito zaidi. Upande upi utashinda haujulikani bila takwimu. Andika hivyohivyo. Nimewahi kumpa alama zote mtoto wa darasa la saba aliyeandika "inategemea" na kueleza inategemea nini.

Kitu cha mwisho kabla hujaandika: mchoro hauna kila kitu. Mishale inaonyesha ulaji tu. Kwenye tambarare za Serengeti pundamilia huweza kula mashina marefu yaliyokauka, nyumbu wakafuata, na nyasi fupi zinazochipua nyuma yao ndizo anazozipenda swala tomi. Ukimwondoa nyumbu, mchoro utakuambia swala tomi amepata nyasi zaidi. Atapata nyingi, ndiyo, ila ndefu na ngumu, na swala mwenye mdomo mdogo hazimfai sana.

Swali lililojibiwa na mbuga yenyewe

Swali ninalolipenda kuliko yote mwanafunzi hulisoma mara mbili: "Mwaka 1963 hivi, kiumbe mmoja alitoweka Serengeti. Baada ya hapo miti ikaongezeka. Kiumbe huyo ni nani?" Wanasema tembo. Wanasema twiga. Mmoja alisema binadamu.

Ni kirusi cha sotoka.

Sotoka iliingia kaskazini-mashariki mwa Afrika pamoja na ng'ombe wa kigeni mwishoni mwa miaka ya 1880, na ndani ya miaka michache ikashuka hadi kusini mwa bara. Iliua ng'ombe kwa wingi wa kutisha, ikawatia Wamaasai njaa kubwa miaka ya 1890, na ikawaua nyati na nyumbu pia. Ugonjwa huu hushika wanyama wenye kwato zilizopasuka. Ulibaki Serengeti kwa miongo kadhaa, ukiua hasa ndama wa nyumbu. Ndama hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama, kinga hiyo inapoisha kabla hajatimiza mwaka, anaambukizwa na kufa.

Hakuna aliyewachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka mbuga. Kazi kubwa ya chanjo ilifanywa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, karibu na Nairobi, na mwaka 1999 akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo. Ng'ombe walipokuwa na kinga, kirusi kilikosa pa kuishi, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 kilikuwa kimetoweka kwa nyumbu. Hilo lilithibitisha kwamba ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu, si kinyume chake. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote.

Sasa tumia hatua ileile ya msalaba. Chora kirusi juu ya nyumbu kama mla nyama mwingine, maana ndivyo alivyo: anachukua nishati kutoka mwilini mwa nyumbu. Mpige msalaba, kisha fuata mishale.

Nyumbu: wataongezeka. Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walifika kama milioni 1.3, na tangu hapo wamekuwa wakizunguka karibu na idadi hiyo. Nyati nao walipanda.

Nyasi: zitapungua, kwa maana ya nyasi zinazobaki zimesimama mwisho wa msimu.

Hapa mchoro wa kawaida unakwama, maana hatua inayofuata si mnyama. Ni moto. Nyasi ndefu zilizokauka ndizo kuni za moto wa mbuga. Kabla nyumbu hawajajaa, sehemu kubwa ya mbuga ilikuwa ikiungua kila mwaka wakati wa kiangazi. Nyumbu walipozila nyasi, moto ukakosa cha kuchoma, na eneo linaloungua likashuka sana.

Miti: itaongezeka. Mche wa mgunga ukiungua kila mwaka hubaki kimo cha goti, unachipua kutoka mizizini na kuungua tena. Ukikosa moto miaka michache hupita kimo cha ndimi za moto na kuwa mti. Kwa miongo iliyofuata miti ilizidi katika sehemu kubwa za Serengeti, na twiga wakapata miti michanga ya kula.

Simba na fisi: wataongezeka, kwa sababu nyama imezidi. Nao waliongezeka.

Sasa njoo kwenye kipengele kinachotenganisha wanafunzi. Pundamilia? Wengi huandika wataongezeka kwa sababu sotoka imeondoka. Lakini pundamilia ana kwato moja isiyopasuka, sotoka haikumgusa tangu mwanzo. Wengine huandika watapungua kwa sababu nyumbu wamemaliza nyasi. Idadi yao ilibaki karibu 200,000 wakati wote nyumbu wakiongezeka mara tano. Kwa watafiti, pundamilia alikuwa kama kundi la kulinganishia kwenye jaribio la maabara: mnyama anayekula nyasi zilezile, anayenyeshewa na mvua ileile, asiyeugua ugonjwa ule. Kama ni mvua iliyowaongeza nyumbu, pundamilia naye angepanda. Hakupanda.

Kwa mwanafunzi kuna somo la kuandika jibu hapo. Ukisema "nyumbu waliongezeka kwa sababu sotoka iliondoka" umetoa dai. Ukiongeza "nyati, anayeugua sotoka, naye aliongezeka, pundamilia asiyeugua hakuongezeka" umetoa ushahidi. Kwenye maswali ya alama sita, alama mbili za mwisho hukaa pale.

Na ukimwondoa simba?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lililozoeleka ni "nyumbu watajaa kupita kiasi". Kwa Serengeti ningelikata nusu.

Mtanzania Simon Mduma na wenzake walipitia rekodi za miaka 40 za nyumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Waliona kwamba vifo vingi vya nyumbu, karibu robo tatu, vilitokana na upungufu wa chakula, hasa wakati wa kiangazi. Wengi hawafi mdomoni mwa simba. Sababu moja ni kuhama. Kundi linakwenda na mvua, lakini simba na watoto wake wamefungwa kwenye eneo lao na hawawezi kulifuata mwaka mzima. Kama chakula ndicho kinachowazuia nyumbu, kumwondoa simba hakutawaongeza sana, kwa kuwa atakayenusurika na simba atakutana na njaa ya Septemba.

Swali linabadilika ukiuliza kuhusu wanyama wadogo wasiohama. Kati ya mwaka 1980 na 1987, wala nyama wa eneo la kaskazini mwa Serengeti walipungua sana kwa ujangili na sumu. Kipindi hicho taya, swala tomi, ngiri, nyamera na swala pala wa eneo lile wakaongezeka. Wala nyama waliporudi, wanyama hao wakashuka tena. Twiga hakubadilika. Tofauti iko kwenye ukubwa wa mwili: taya ana kilo chini ya 20, na karibu kila mla nyama, kuanzia mbweha hadi simba, anaweza kumuua. Twiga mzima anaogopa simba peke yake. Kiumbe mwenye maadui wengi ndiye anayeonja unafuu maadui wakiondoka.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "wataongezeka", tafuta kinachomzuia kiumbe huyo sasa hivi. Kama ni adui, msalaba juu ya adui utamwongeza. Kama ni chakula, hautamsaidia sana.

Jibu moja likisahihishwa

Swali: "Simba wote wameondolewa Serengeti. Eleza athari kwa taya na kwa nyumbu wanaohama. (Alama 6)"

Hili liliandikwa na mmoja wa darasa langu: "Taya na nyumbu wataongezeka kwa sababu hakuna wa kuwala, nyasi zitaisha na usawa wa ikolojia utavurugika." Nilimpa alama 2: moja ya mwelekeo wa taya, moja ya sababu. Nyumbu hakuwatenganisha na taya, fisi, chui na mbweha amewasahau wakati bado wapo, na sentensi ya mwisho haijasema lolote.

Tulikaa tukaliandika upya pamoja, tukiuangalia mchoro wake kila sentensi:

"Taya wanaweza kuongezeka, kwa sababu ni wadogo, hawahami, na idadi yao inazuiwa zaidi na wala nyama. Ongezeko linaweza kuwa dogo, kwa kuwa fisi, chui na mbweha bado wanawala, na fisi wanaweza kuzidi wakikosa mshindani. Nyumbu wanaohama hawataongezeka sana, kwa sababu vifo vyao vingi vinatokana na upungufu wa nyasi wakati wa kiangazi, na wala nyama hawawezi kulifuata kundi mwaka mzima. Mizoga ya nyumbu wanaokufa kwa njaa itakwenda zaidi kwa fisi, tumbusi na viozeshaji."

Akahesabu alama zake kwa kidole, akafika sita, kisha akauliza kama kule juu angeweza kuandika "hakika wataongezeka" badala ya "wanaweza". Nikamwambia airudie mishale ya fisi kwanza.